Taa za mtaani na wasiochanga

"Mtaani kwetu kila mtu anataka taa ya barabarani ila mchango haufiki. Ni ubahili tu?"

Hapana, hata asiye bahili hukwama hapo. Nilishika daftari la michango miaka miwili. Piga hesabu: taa ni shilingi 600,000, nyumba 30, kila moja 20,000. Tuseme kila nyumba inaona mwanga huo una thamani ya 35,000. Kwa pamoja ni 1,050,000, kwa hiyo taa inalipa. Ila ukijitoa wewe, ikiwaka utamulikwa bure, maana nguzo haichagui mpita njia. Na wewe kupita hakumpunguzii jirani mwanga. Basi kila mtu anasubiri mwenzake.

Kilichotusaidia kidogo ni ahadi: isipotimia 600,000, kila mtu anarudishiwa hela yake. Bado wanne walikwepa.

— Si mkate umeme asiyelipa?

Umeme wa nyumbani kwake utakatika, wa nguzo je? Ndiyo maana Tanzania tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa unaponunua umeme wa LUKU: kwa umeme wako huna pa kukwepea.

— Mimi nimefunga yangu getini, wapita njia wote wananufaika.

Wewe faida yako peke yako inazidi gharama ya taa, wengine hatufiki hapo.