Plagi ikae kwenye tofali, si kwenye lipu

Kioo changu kina upana wa sentimita 90, urefu wa sentimita 180 na unene wa milimita 6. Nikifunge na plagi gani kwenye ukuta wa tofali za kuchoma?

Kila milimita ya unene wa kioo huwa na takriban kilo 2.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo chako kina kilo 24 hivi kabla ya fremu. Plagi nne za milimita 8 zenye urefu wa milimita 50, pamoja na skrubu nene za milimita 5, zinaumudu uzito huo, mradi plagi yote iwe ndani ya tofali. Lipu haibebi kitu. Ikiwa lipu ina milimita 15, toboa hadi milimita 75, ili vumbi lipate nafasi nyuma ya plagi, kisha isukume plagi mpaka ipite lipu. Skrubu nayo ipite bamba la kuning'inizia, lipu na plagi nzima, na ncha yake ijitokeze kidogo: kwa bamba la milimita 3, hesabu inafika 73, basi chukua ya 80 na uongeze kina cha tundu kidogo. Wanaonunua skrubu kwa kutazama urefu wa plagi peke yake ndio huangusha vioo.

Plagi inazunguka pamoja na skrubu. Nijaze njiti za kiberiti?

Hapana, na nimekwisha kulijibu hili mara nyingi. Tundu limepanuka kwa sababu drili iligonga kwenye tofali laini, au umetoboa kwenye kiungo cha saruji kilicholegea. Zima kugonga, safisha vumbi, kisha toboa upya katikati ya tofali zima.

Rafu yangu ya vitabu inachomoka upande wa juu. Niongeze skrubu?

Tazama kwanza urefu wa breketi. Rafu yenye kina cha sentimita 30 ikibeba kilo 24 zilizotandazwa sawasawa, uzito huo huvuta kana kwamba uko sentimita 15 kutoka ukutani. Skrubu za juu zikiwa sentimita 20 juu ya ukingo wa chini wa breketi, kwa jumla huvutwa nje kwa nguvu ya kilo 18. Zikiwa sentimita 5 tu, nguvu hiyo inafika kilo 72. Skrubu za ziada zikiwekwa chini hazisaidii sana, kwani huko breketi inausukuma ukuta. Nunua breketi ndefu. Ukiona ufa mwembamba wa vumbi ukingoni mwa juu, shusha vitabu leo hii.

Drili imegota kwenye zege na inatoa chenga zinazong'aa. Nikandamize zaidi?

Umegusa nondo. Acha, na usogeze tundu sentimita chache.

Naweza kutoboa juu ya swichi?

Usitoboe. Nyaya hupanda au hushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, hata pale ambapo huzioni.