Anayerudishwa langoni haonekani kwenye rejista

*Sista, nilikuwepo ulipozungumza kuhusu kliniki ya wajawazito. Ninasimamia wahudumu wa afya ya jamii huku Mukuru, Nairobi. Kituo chetu ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu, na kliniki ni ya bure, lakini akina mama wengi wanaanza wakiwa na miezi sita au saba. Nikiwauliza, wananiambia ni pesa. Nitajuaje kama kweli ni pesa, au ni umbali, au hawatuamini?*

Kwanza, acha kuwauliza "kwa nini". Mama akiulizwa na mtu wa afya kwa nini amechelewa, anasikia analaumiwa, na "pesa" ni jibu lisilomvunjia mtu heshima. Hakuna atakayekutazama usoni akuambie, "Niliogopa nesi wenu." Muulize habari za siku zenyewe. Ulijua lini kwamba una mimba? Ulimwambia nani kwanza? Siku ya kwanza kufika kituoni ulifika saa ngapi, ukatoka saa ngapi, na ulitoka na nini mkononi? Swali hilo la mwisho ndilo ninalolitegemea zaidi, kwa sababu mara nyingi siku ya kwanza anayoitaja mama si ile iliyoandikwa kwenye rejista.

Nikupe kisa kimoja. Mama wa miaka 24, mimba ya pili, anafulia watu nguo upande wa Imara Daima. Rejista ya wajawazito, ile MOH 405, inaonyesha alianza kliniki akiwa na wiki 28. Mwenzangu alipomuuliza, alisema pesa, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Nilipoketi naye tukazipitia siku, mambo yakawa mengine. Alikuwa amefika kituoni akiwa na wiki kama 10. Alimwacha mtoto kwa jirani, akafika saa tatu na nusu, akaambiwa akina mama wapya hupokelewa mpaka saa tatu kwa sababu ya maabara. Kabla hajaondoka, mhudumu mmoja akamtupia jicho tumboni, akamwambia, "Rudi likionekana." Siku hiyo alipoteza kibarua cha shilingi 600.

Akarudi mwezi uliofuata, saa moja asubuhi. Safari hii alipokelewa, lakini kipimo cha kundi la damu kilikuwa kimekwisha. Akaandikiwa karatasi ya kwenda maabara ya nje, akaulizia bei, akaambiwa vipimo vyote pamoja ni shilingi 1,000. Akaelezwa alete majibu ndipo afunguliwe kijitabu cha kliniki. Kibarua cha pili nacho kikaenda. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajamgusa tumbo, alikuwa anadaiwa na mimba hiyo shilingi 2,200, na hakuna hata moja iliyolipwa kwenye dirisha la kituo. Kituo kilikuwa kinasema kweli kwamba kliniki ni bure. Na yeye alikuwa anasema kweli kwamba ni pesa. Halafu, kwa kuwa aliambiwa asirudi bila majibu, aliona aibu kurudi mikono mitupu, akakaa mpaka wiki ya 28.

Umeuliza ni kipi kati ya vitatu. Kwa mama huyu, umbali wa dakika 25 haukuwa kitu, lakini saa alizopoteza zilikuwa kitu. Gharama haikuwa ya kliniki, ilikuwa ya karatasi. Na imani haikuvunjwa na uvumi wa mtaani, ilivunjwa na sentensi mbili za watu waliochoka. Vitu hivyo vyote vilikutana katika zile ziara mbili za mwanzo, na ndiyo maana huwezi kuvitenganisha kwa kumuuliza achague kimoja.

Alipopimwa hatimaye, presha ilikuwa 138 kwa 88. Haijafika 140 kwa 90, kwa hiyo huwezi kumwandikia ugonjwa. Lakini huwezi pia kutulia. Presha kwa kawaida hushuka kidogo katikati ya mimba na kupanda tena kuelekea mwisho. Kama tungekuwa na kipimo cha wiki ya 10, tungejua iwapo amekuwa hivyo tangu zamani au inapanda sasa, na presha inayoanza baada ya wiki ya 20, hasa ikiandamana na protini kwenye mkojo, ndiyo inayotutia hofu. Bila kipimo cha mwanzo unabaki kumwita kila wiki, naye kila wiki anapoteza kibarua. Aliye katika hatari kubwa ya kupata presha hiyo hupewa aspirini ya dozi ndogo, na hiyo inafaa ianze kabla ya wiki ya 20, hasa kabla ya ya 16. Mlango huo ulikuwa umeshafungwa. Tarehe nazo zilikuwa za kukisia: alikuwa amesahau siku ya hedhi yake ya mwisho, na skani ya wiki ya 28 inaweza kukosea umri wa mimba kwa wiki mbili au zaidi, wakati ya miezi ya mwanzo hukosea kwa siku chache tu.

Sasa turudi kwenye rejista yako. KDHS, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu wajawazito wote nchini, asilimia 98, walihudumiwa na mtaalamu angalau mara moja, lakini waliofikisha ziara nne ni asilimia 66. Na nne ni kipimo cha zamani. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri ziara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Kwa hiyo akina mama wako hawaikatai kliniki. Wanaingia wakiwa wamechelewa, au wanaingia kisha wanatoweka, na mambo hayo mawili hayana sababu moja.

Chukua rejista ya miezi sita, umfuate kila mama kwenye mstari wake. Aliyechelewa kuanza, kisha hakukosa hata tarehe moja, hana shida na wahudumu. Kitu kilimzuia mlangoni: saa, karatasi ya maabara, au alikuwa anaificha mimba. Aliyeanza mapema akaja mara moja tu, asionekane tena, huyo kuna jambo lilimpata ndani. Anayekuja leo, anakosa, anakuja tena, mara nyingi ni mambo ya kibarua na foleni, na ukilinganisha tarehe alizokosa unaweza kukuta ni za mwisho wa mwezi, wakati kazi za kufua na kuhamisha nyumba ni nyingi.

Lakini usiiamini rejista kupita kiasi. Wengine hupotea kwenye wiki ya 34 au 36 kwa sababu wamekwenda kujifungulia kwao mashambani, wakiwa na kijitabu chao mkononi. Wengine wana vijitabu viwili, cha kwenu na cha kliniki ya kibinafsi. Wapo pia waliopata majibu ya virusi vya UKIMWI wakahamia kituo cha mbali ili wasionwe na jirani wakiketi kwenye lile benchi linalojulikana. Huyo kwako anahesabiwa ametoweka, na huko anahesabiwa mpya. Yeye anapanda matatu kwa hiari, anapita vituo viwili, anaongeza nauli. Ukikutana na mama wa aina hiyo, jua kwamba umbali ndio dawa aliyojitafutia, na ugonjwa ni siri isiyotunzwa.

Na kasoro kubwa ya rejista ni kwamba aliyerudishwa langoni hayumo. Mama wangu wa wiki ya 10 hakuandikwa popote. Hili ndilo ningekuomba ufanye. Kwa wiki mbili, mweke mhudumu wako mmoja langoni na daftari la kawaida kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Asiandike majina. Aandike saa mama alipofika, kama ni mara yake ya kwanza kwa mimba hii, ana miezi mingapi, alipotoka ametoka na nini, na kama hakuhudumiwa, aliambiwa nini kwa maneno yaleyale. Mwisho wa wiki ya pili linganisha daftari na idadi ya wapya kwenye rejista. Tuseme langoni walifika wapya 30 na rejista ina 19. Hao 11 ndio jibu lako, na maneno waliyoambiwa yatakueleza ni maabara, ni saa, au ni ulimi wa mtu.

Kuhusu pesa kuna jambo jingine ambalo daftari halitalionyesha, kwa sababu linawazuia watu wakiwa bado nyumbani. Akina mama walizoea Linda Mama, ule mpango wa huduma za uzazi bila malipo, chini ya bima ya NHIF. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF, na wengi wanadhani kwamba asiyelipa mchango hawezi kuhudumiwa hata kliniki. Kujisajili SHA ni bure, na huduma za wagonjwa wa nje katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, zinalipwa na hazina ya afya ya msingi. Mchango unaanza kumhusu akienda kujifungua. Wahudumu wako wanaweza kumsajili mama kwa simu papo hapo nyumbani kwake. Wasingoje aje kukwama dirishani.

Ukikuta tatizo ni maabara, kama ninavyoshuku, marekebisho yake hayahitaji bajeti. Kijitabu kinaweza kufunguliwa siku yoyote, saa yoyote. Uzito, presha, tarehe ya hedhi, vidonge vya madini ya chuma na foliki, hivyo havihitaji maabara. Virusi na kaswende vinapimwa kwa tone la damu ya kidole, kwa kipimo kimoja, majibu yakiwa tayari mama angali ameketi. Kundi la damu ni muhimu, lakini linaweza kungoja ziara ya pili. Mama aliyetoka na kijitabu na vidonge amekwishaanza kliniki, hata kama bado anadaiwa kipimo kimoja. Aliyetoka na karatasi ya kwenda kununua kipimo hajaanza.

Daftari likikamilika, mpelekee nesi msimamizi wa kituo kwanza, mkiwa wawili, kabla halijafika kwenye mkutano wowote. Huenda yuko peke yake na akina mama 40 kila asubuhi, na ile saa tatu aliiweka ili maabara isimlemee. Mwulize angependa akina mama wapya waje siku gani na saa ngapi endapo kipimo cha damu hakingekuwa lazima siku hiyohiyo. Nilipouliza hivyo mahali fulani, nesi alichukua kalamu nyekundu, akalifuta tangazo la saa tatu mlangoni nikiwa bado nimesimama.