Kugawa sampuli bado si FFT: maneno kwa wapya

Wadogo zangu, nimepitia tena kodi za FFT mlizoandika wenyewe, na kosa ni lile lile la kila kundi jipya: majibu sahihi kabisa, ila programu inajikokota. DFT sitairudia, mnaijua. Sampuli N, majibu N, kila jibu linadai kuzidisha mara N, jumla N². Mnajua pia kwamba FFT inashusha hesabu hiyo hadi N/2 mara log2 N. Kwa sampuli 1,024 hiyo ni kutoka 1,048,576 hadi 5,120. Wote mmeikariri. Ila nikiuliza punguzo hilo linatokea kwenye mstari upi wa kodi, kimya.

1. Kugawa shufwa na witiri hakupunguzi kitu.

Najua kitabu kimewaambia kinyume, au ndivyo mlivyokisoma. Tazameni hii:

```python
def X(x, k):
    N = len(x)
    if N == 1:
        return x[0]
    return X(x[0::2], k) + W(N, k) * X(x[1::2], k)
```

Nzuri, sivyo? Inagawa sampuli za nafasi shufwa huku na za nafasi witiri kule, inajiita yenyewe hadi ibaki sampuli moja, kisha inaunganisha kwa W, ambayo ni `exp(-2j*pi*k/N)`. Mistari mitano tu. Niliwahi kuandika hii hii na nikajisikia fundi.

Nilikuwa na data ya mtetemo wa mota. Nikaijaribu kwa sampuli chache, nikalinganisha na `numpy.fft.fft`, majibu yakafanana hadi desimali za mwisho. Nikatangaza kazi imekwisha. Siku ya kuipa rekodi nzima, sampuli 65,536, programu ikaganda. Nikailaumu Python. Nikalaumu orodha zinazokatwakatwa na `x[0::2]`. Nikaomba kompyuta yenye nguvu zaidi, nikapewa, ikaganda nayo. Nikaanza hata kuhesabu W zote mapema na kuzihifadhi kwenye jedwali, jambo zuri lenyewe, lakini halikugusa ugonjwa. Sikuwahi kukaa na kalamu nikahesabu ni mara ngapi nazidisha, kwa sababu niliamini kwamba kodi inayogawa nusu kwa nusu ni FFT tayari. Aliyenigutusha ni mwenzangu mmoja aliyesoma mistari ile mitano na kuuliza, "Sasa hii X unaiita mara ngapi?"

Hesabuni nami. Kwa k moja, kuunganisha sampuli N kunataka kuzidisha mara moja hapa juu, kisha kila nusu inazidisha mara moja kwake, kisha kila robo, hivyo hivyo hadi chini. 1 + 2 + 4 na kuendelea inatoa N − 1. Kumbe kwa k zote ni N(N − 1). Kwa 1,024 ni mara 1,047,552. Katika ile milioni na ushee, nilikuwa nimeokoa 1,024! Kwa rekodi yangu ya 65,536 nilikuwa nazidisha zaidi ya mara bilioni nne, mahali ambapo FFT ya kweli inataka 524,288.

2. Punguzo linatokana na kutumia jibu lile lile mara mbili.

Chukueni sampuli nne: 3, 1, 2, 0. Shufwa ni 3 na 2, na DFT yao ya urefu wa mbili ni jumla na tofauti: E[0] = 5, E[1] = 1. Witiri ni 1 na 0: O[0] = 1, O[1] = 1. Basi. Hakuna E[2] wala E[3] ya kutafuta, kwa sababu DFT ya urefu wa mbili inajirudia kila baada ya hatua mbili: E[2] ni E[0] yule yule, E[3] ni E[1]. Kodi yangu ilikuwa inawatafuta upya kama wageni, tena katika kila ngazi.

Jambo la pili ni W. Ukiongeza N/2 kwenye k, W inazunguka nusu duara, yaani inabadilisha alama tu. Kwa hiyo tunazidisha W kwa O mara moja, tunaliita jibu t, kisha tunalijumlisha upande mmoja na kulitoa upande wa pili:

k = 0: W = 1, t = 1, hivyo X[0] = 5 + 1 = 6 na X[2] = 5 − 1 = 4.
k = 1: W = −j, t = −j, hivyo X[1] = 1 − j na X[3] = 1 + j.

Hakikisheni X[2] kwa njia ndefu: 3 − 1 + 2 − 0 = 4. Sawa.

Kwa kodi inakuwa hivi:

```python
def fft(x):
    N = len(x)
    if N == 1:
        return [x[0]]
    E, O = fft(x[0::2]), fft(x[1::2])
    X = [0] * N
    for k in range(N // 2):
        t = W(N, k) * O[k]
        X[k] = E[k] + t
        X[k + N // 2] = E[k] - t
    return X
```

Tofauti kubwa ni kwamba k imeondoka kwenye mabano ya funksheni. Funksheni inarudisha majibu yote kwa pamoja, si moja moja. Kila ngazi sasa inazidisha N/2 kwa jumla, na ngazi ni log2 N, ndiyo fomula mliyokariri. Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965, ingawa Gauss alikwisha kuitumia mwanzoni mwa karne ya 19 akihesabu mizunguko ya asteroidi kwa mkono. Anayezidisha kwa mkono huona haraka pale anaporudia kazi.

3. Msipime usahihi peke yake.

Kodi mbovu na kodi nzuri zinatoa majibu yale yale, kwa hiyo kulinganisha na `numpy` hakutawaokoa. Ongezeni N mara mbili, mpime muda. Ukipanda karibu mara nne, mko kwenye N². Ukipanda mara mbili na kidogo, mko salama. Kwa N ndogo saa inadanganya, kwa hiyo wekeni kihesabio kando ya alama ya kuzidisha: N = 8 lazima itoe 12. Ikitoa 56, rudini namba 1.

4. Mengine, harakaharaka.

Msipate W inayofuata kwa kuzidisha iliyotangulia tena na tena. Makosa ya desimali yanarundikana. Mkirudisha mawimbi kwa FFT ya kinyume, kumbukeni kugawa kwa N, mara moja tu, mwishoni kabisa.

Kodi ya hapo juu inataka N iwe kipeo cha 2. Sampuli zikiwa 1,000 mnaweza kujaza sifuri hadi 1,024, lakini mjue nafasi kati ya masafa inabadilika, na vilele viwili vilivyoshikamana havitaachana kwa sababu ya sifuri. Kwa hilo mnahitaji rekodi ndefu zaidi.