Kupata masahihisho ya kalamu nyekundu peke yake

"Nimeskani ukurasa uliosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nawezaje kubakiza wekundu tu, maandishi meusi yafutike?"

Ndugu, usitafute wekundu kwa kuangalia R pekee, yaani thamani ya rangi nyekundu, maana karatasi nyeupe nayo ina R kubwa. Tazama tofauti kati ya R na ile iliyo kubwa kati ya G, ya kijani, na B, ya buluu. Tuseme wino una 200, 60, 70: tofauti ni 130. Karatasi yenye 245, 240, 228 inatoa 5, na herufi nyeusi hubaki karibu na sifuri. Kwa ImageMagick 7:

```
magick ukurasa.png -fx "u.r-max(u.g,u.b)" -threshold 20% -negate alama.png
```

Masahihisho yatatoka meusi juu ya weupe. Mistari iliyofifia ikipotea, shusha hiyo 20% hadi 12%. Vidoa vikizidi, ipandishe kidogo kidogo.

Skani kwa rangi, dpi 300, uhifadhi PNG. JPEG hupaka rangi pembezoni mwa herufi nyeusi, nazo zitajitokeza kama vivuli vyembamba. Kumbuka pia kuwa mstari mwekundu ukipita juu ya herufi nyeusi, hapo wekundu humezwa, na mstari hukatika. Mapengo madogo yaunganishe kwa mkono, ukilinganisha na skani halisi, ambayo usiifute.