Bili ya maji imeruka kutoka 1,310 hadi 8,660 kwa sababu ya "marekebisho ya usomaji"

*"Tuko watu wanne, nyumba ina choo cha kuflashi na tangi juu. Tangu Januari bili ilikuwa shilingi 1,310 kila mwezi bila kubadilika. Ya Mei imekuja 8,660: usomaji uliopita 852, wa sasa 902, uniti 50, na chini wameandika marekebisho ya usomaji. Viwango ni 60 kwa uniti 6 za kwanza, 90 mpaka ya 20, 110 mpaka ya 50, halafu 130. Majitaka ni asilimia 75 ya maji, kodi ya mita 50. Hakuna bomba linalovuja. Nilipe au nipinge?"*

Ndugu, lipa sehemu kubwa na upinge sehemu ndogo. Nasimamia ploti ya familia yenye nyumba sita, na bili ya namna hii imenipitia mikononi zaidi ya mara moja.

Kitu cha kwanza kilichonigusa macho ni hiyo 1,310 isiyobadilika. Hakuna familia inayotumia maji sawasawa kila mwezi. Kuna mwezi wa wageni, mwezi wa mgao, mwezi watoto wako shule. Bili ikikaa pale pale miezi minne, maana yake msoma mita hakufika, au alifika akakuta geti limefungwa, na ofisini wakaweka makadirio. Chukua bili zako za nyuma utazame karibu na usomaji. Bili nyingi huweka herufi E kwa makadirio na A kwa usomaji halisi, au huandika neno lenyewe. Nina hakika utakuta E ya Januari mpaka Aprili. Walikukadiria uniti 10 kwa mwezi: 6 kwa 60 ni 360, na 4 kwa 90 ni 360, jumla 720. Majitaka asilimia 75 ya hiyo ni 540. Weka kodi ya mita 50, unapata 1,310 kamili.

Sasa rudi nyuma kidogo. Kama makadirio yalikuwa 10 kwa miezi minne na usomaji wa Aprili uliandikwa 852, basi usomaji halisi wa mwisho ulikuwa 812, mwishoni mwa Desemba. Mei msoma mita amefika, akafuta kioo, akakuta 902. Kutoka 812 hadi 902 ni uniti 90 kwa miezi mitano, yaani wastani wa 18 kwa mwezi. Je, 18 ni nyingi kwenu? Uniti moja ni lita elfu moja. Uniti 18 kwa siku 30 ni lita 600 kwa siku, lita 150 kwa kila mtu. Kwa nyumba yenye choo cha kuflashi na bafu la manyunyu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kilichokuwa cha chini mno ni yale makadirio. Kwa hiyo usiende ofisini kusema hamkuyatumia maji hayo. Watakuonyesha mita, na hoja yako nzuri itakufa pamoja na ile mbaya.

Hoja yako nzuri ni hii. Uniti 50 walizokuandikia Mei si za Mei. Ndani yake mna 18 za Mei na 32 zilizobaki bila kulipiwa kutoka miezi minne ya nyuma. Lakini mashine ya bili imezipandisha ngazi kana kwamba umezitumia zote ndani ya mwezi mmoja: 6 kwa 60 ni 360, 14 kwa 90 ni 1,260, na 30 zilizobaki kwa 110 ni 3,300. Jumla 4,920. Hizo uniti 30 za ngazi ya tatu ndizo zinazouma, kwa sababu ukitumia 18 kwa mwezi hufiki ngazi ya tatu hata siku moja.

Ngazi za bei zimewekwa kwa mwezi. Maana yake ni kwamba uniti 6 za bei nafuu ni haki yako kila mwezi, na ya mwezi uliopita haipotei kwa kuwa msoma mita hakuja. Kwa hiyo hesabu ya haki ni kuzigawa uniti 90 kwenye miezi yake mitano, kisha kuupigia bei kila mwezi upya. Mwezi mmoja wa uniti 18 ni 6 kwa 60, yaani 360, na 12 kwa 90, yaani 1,080, jumla 1,440. Mara tano ni 7,200. Umeshalipa maji ya 720 mara nne, yaani 2,880. Ulichobakiza kwenye maji ni 4,320, si 4,920.

Tofauti ni 600, lakini usiishie hapo. Majitaka yanafuata maji, kwa hiyo kila kosa kwenye mstari wa maji linazaa jingine chini yake. Asilimia 75 ya 4,920 ni 3,690, na ya 4,320 ni 3,240. Hapo kuna 450 nyingine. Kwa jumla bili sahihi ya Mei ni 4,320 na 3,240 na 50, yaani 7,610. Umezidishiwa 1,050.

Najua ulitarajia nikwambie bili yote ni ya wizi. Bado 7,610 ni fedha nyingi kuzitoa kwa mpigo mmoja, na deni hilo hukulilimbikiza kwa kukataa kulipa. Ndiyo maana ombi lako liwe na sehemu mbili: wazigawe uniti upya kwa miezi yake, na kinachobaki ulipe kwa awamu. Kwenye ploti yetu tulikubaliwa awamu bila mabishano marefu, kwa kuwa tulifika na hesabu iliyoandikwa mwezi kwa mwezi kwenye karatasi moja. Waliokuja na hasira tu waliambiwa walipe kwanza halafu walalamike.

Kodi ya mita kwenye bili yako iko sawa. Ni ada isiyobadilika, unalipa hata usipofungua bomba mwezi mzima, na kiasi chake mara nyingi hutegemea ukubwa wa mita. Cha kuangalia ni isirudiwe. Wakikupigia upya miezi mitano, kuna mfumo unaoweza kuweka 50 tano, ilhali nne ulishalipa kwenye bili za makadirio.

Kabla ya kwenda ofisini, hakikisha ile 902 yenyewe. Nenda kwenye mita na kitambaa kibichi, pangusa kioo, kisha linganisha namba iliyochongwa kwenye mwili wa mita na namba ya mita kwenye bili. Kwenye ploti za mita zilizopangwa mstari mmoja ukutani, kubadilishana mita ni jambo linalotokea sana, na unaweza kulipia maji ya jirani mwaka mzima. Halafu soma tarakimu nyeusi peke yake. Hizo ndizo uniti. Nyekundu, ziwe tarakimu au mishale midogo, ni sehemu za uniti na hazihesabiwi kwenye bili. Nimewahi kuona usomaji ambao tarakimu moja nyekundu ilichukuliwa kama nyeusi, na uniti mia tisa zikageuka elfu tisa. Kosa hilo hujionyesha lenyewe, bili inakuwa ya kutisha mno. Kosa gumu kuligundua ni tarakimu zilizopinduliwa, 920 badala ya 902, kwa sababu bili bado inaonekana ya kuaminika. Leo mita yako inapaswa kuwa juu kidogo ya 902. Ikiwa iko chini ya hapo, mwache msoma mita ajieleze, na hesabu yangu yote hapo juu ianze upya. Piga picha moja inayoonyesha tarakimu na namba ya mita pamoja.

Ukiwa hapo hapo, funga mabomba yote ya ndani na utazame kile kinyota au kipembe kidogo kinachozunguka kwenye uso wa mita. Kwa kuwa una tangi, subiri lijae kwanza, la sivyo kitazunguka kwa sababu ya tangi. Tangi likijaa na kinyota bado kinatambaa, maji yanakwenda mahali. Funga koki ya kuingilia kwenye tangi. Kikisimama, shida iko tangini au baada yake, na mara nyingi ni boya lisilofunga vizuri, maji yanatokea kwenye bomba la kumwagia ziada nyuma ya nyumba ambako hakuna anayepita, au choo kinachochuruzika kimya. Kikiendelea, bomba la chini ya ardhi kati ya mita na tangi limetoboka, na hilo ni lako kulitengeneza, kwa kuwa kampuni inahesabu upande wake unakoma kwenye mita. Sema "hakuna bomba linalovuja" baada ya kipimo hiki tu.

Ofisini omba historia ya akaunti ya miezi sita, iliyochapwa. Onyesha A ya Desemba, E nne, na A ya Mei, kisha weka karatasi yako juu yake. Andika barua fupi, acha nakala igongwe muhuri. Lipa kiasi usichokibishia au awamu mliyokubaliana, ili wasiwe na sababu ya kukukatia maji malalamiko yakiwa mezani. Kwa hapa Kenya bei hizi na ngazi zake hupitishwa na mdhibiti wa huduma za maji, Wasreb, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na huko ndiko malalamiko huenda kampuni ikikaa kimya. Wenzetu wa Tanzania wanaosoma hapa wana Ewura.

Kwa wanaofuatilia wakiwa kwenye ploti yenye mita moja ya nyumba nyingi, tatizo lenu ni jingine. Nyumba sita zikitumia uniti 10 kila moja ni 60 kwenye mita moja, na mnafika ngazi ya juu kabisa ilhali hakuna hata mmoja anayetumia maji mengi. Dawa yake ni mita za kila nyumba, au kuiuliza kampuni kama ina bei maalumu ya nyumba za pamoja, kwani baadhi wanayo na hawakuwekei mpaka uombe.

Ndugu, wakishakurekebishia, bili ya Juni ianze na usomaji uliopita 902, na salio la nyuma liwe lile mlilokubaliana. Ikianza na 852, basi marekebisho yaliandikwa kwenye barua na hayakuingia kwenye mfumo. Rudi na ile nakala yenye muhuri wiki hiyo hiyo, kabla hawajatoa bili nyingine.