Kibaraza kilinidanganya: kuchora uso wa duka juu ya picha kabla ya kuagiza bango

Bango langu la kwanza la maana lilitokeza sentimita 29 mbele ya duka la jirani. Jirani hakugomba, alitoka tu akalitazama, akacheka, akarudi ndani. Aliyelipa fundi alikate upya ni mimi. Nawaeleza nyinyi mnaoanza kazi hii ya kuwachorea watu wa maduka picha za kuonyesha rangi na bango kabla hawajatoa pesa, maana kosa lenyewe halionekani kwenye kioo cha kompyuta.

Duka lilikuwa la leso na madira, upande wa Kongowea, Mombasa. Ukuta wa kijani kilichochujuka, shata ya chuma, na juu yake kibaraza cha zege kilichotoka mbele ya ukuta kiasi cha sentimita 90. Mwenyewe, mama wa makamo, alitaka ukuta uwe damu ya mzee, na bango liwekwe kwenye ukingo wa mbele wa kibaraza.

Nilivuka barabara nikapiga picha nikiwa mita 12 kutoka ukutani, nimesimama katikati ya duka na si pembeni. Hapo mwanzo nilijaribu lenzi pana ya `0.5x` ili nipate duka zima kwa karibu, kuta zikapinda kama ndizi. Afadhali urudi nyuma, hata ikibidi usubiri tuktuk ziondoke. Duka lilitazama mashariki, kwa hivyo nilikwenda alasiri, uso wote ukiwa kivulini na mwanga umetulia. Jua likipiga mbele, kibaraza hutupa kivuli cheusi ukutani, na kivuli hicho utabaki nacho katika kila rangi utakayojaribu.

Kabla sijaondoka nilipima upana wa shata kwa tepu: mita 2.4. Kipimo hicho kimoja ndicho kinachoipa picha thamani. Nilinyoosha picha kwenye programu ya GIMP kwa zana ya `Perspective`, upande wa `Corrective (Backward)`, nikailaza mistari ya gridi yake sambamba na kingo nne za shata. Baada ya kunyooka, shata ilikuwa na upana wa pikseli 600. Gawanya kwa 2.4, unapata pikseli 250 kwa kila mita. Kuanzia hapo sikukisia tena: herufi ya sentimita 20 ni pikseli 50, basi.

Rangi ndiyo inayowakwaza wengi. Ukimwaga damu ya mzee juu ya ukuta moja kwa moja, duka litaonekana limebandikwa stika, maana nyufa, mabaka na vivuli vyote vimefunikwa. Utaambiwa uweke leya ya rangi kwenye `Multiply`, na ni kweli, lakini ushauri huo unafaa ukuta mweupe. `Multiply` huzidisha rangi ya juu na iliyo chini yake. Nyekundu iliyoiva juu ya kijani hutoa tope jeusi. Mama aliponiona nalo akaniuliza, "Mwanangu, hii ni damu ya mzee ama ni oili ya gari?"

Dawa yake ni kuupaka ukuta chokaa kwanza, ndani ya kompyuta. Nilinakili leya ya picha, nikauchagua ukuta peke yake, nikatoa rangi kwa `Desaturate`, kisha kwa `Levels` nikaupandisha mpaka sehemu zake za kawaida zikakaribia weupe, nyufa na vivuli vikibaki. Juu yake ndipo nikaweka damu ya mzee kwa `Multiply`. Hapo ukuta ulikuwa ukuta. Hata hivyo usimruhusu mteja anunue ndoo kwa kutazama simu. Nilimwambia achukue kopo la lita moja la rangi ya maji, apake mabaka mawili ya nusu mita, moja linapopigwa na jua na moja chini ya kibaraza, ayatazame yakikauka, asubuhi na jioni. Lile la chini ya kibaraza lilikuwa kama kahawia. Akachagua nyekundu iliyo hatua moja wazi zaidi, na mimi nikabadilisha picha kufuata ukuta.

(Kama duka liko katikati ya mji, ulizeni kwanza. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya huko yapakwe nyeupe na buluu, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Usimchoree mtu ndoto ya kijani halafu akakatazwa.)

Kwenye bango mama alitaka jina, halafu chini yake orodha: leso, madira, mitandio, shela, vitambaa vya harusi. Watengenezaji mabango wana kipimo cha kukadiria: kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi. Jina la sentimita 20 lilisomeka kutoka mita 24, yaani abiria wa matatu angeliona kabla hajapita. Orodha, ili iingie yote, ilibaki na herufi za sentimita 5, ambazo ni za mita 6. Aliyesimama ng'ambo ya barabara, mita 12, angeona mchwa. Sikubishana naye. Nilimvusha barabara, nikanyanyua karatasi yenye neno moja la herufi za sentimita 5, akakunja uso, akasema, "Itoe." Orodha ikahamia kwenye ukuta kando ya mlango, anaposimama mtu tayari amekuja. Wazo lake jingine la kuchora jina kwenye shata pia tuliliacha: duka likifunguliwa shata imekunjwa, kwa hivyo jina lingesomwa na walinzi wa usiku tu.

Sasa zile sentimita 29. Ukingo wa kibaraza kwenye picha ulikuwa na pikseli 973. Nikagawanya kwa 250, nikapata mita 3.89, nikaagiza bango la urefu huo. Lakini zile pikseli 250 nilizipata kwenye shata, iliyo sawa na ukuta, mita 12 kutoka kwenye kamera. Ukingo ulikuwa umenisogelea sentimita 90, kwa hivyo ulikuwa mita 11.1 tu, na kitu kilicho karibu huonekana kikubwa. Gawanya 12 kwa 11.1, ni kama 1.08. Kibaraza chenyewe kilikuwa na mita 3.6 kamili. Kunyoosha picha hakukusaidii hapa, kwa sababu zana hunyoosha bapa moja, lile uliloliwekea gridi, na vinavyotokeza mbele yake havimo.

Siku hizi ninapima kwa tepu mara mbili: ukuta, na kila kitu kilichotoka mbele ya ukuta ambacho kitabeba bango. Kibaraza ninakipa hesabu yake ya pikseli kwa mita, na ninaiandika juu ya leya yake ili nisisahau. Ninapomkabidhi fundi, ninampa karatasi mbili. Ya kwanza ni picha, aone rangi na mpangilio. Ya pili ni mchoro mkavu wa mistari wenye vipimo vya tepu, na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa kwamba akate kwa kufuata huo, si kwa kupima picha. Halafu ninamwomba apande ngazi apime mwenyewe kabla hajagusa msumeno. Wa duka la leso alipopanda mara ya pili aligundua pia kwamba boksi la shata lilikuwa limefunika skrubu mbili za taa, jambo ambalo picha yangu haikulionyesha kabisa.