Picha ya Ufunguzi wa Duka la Vitabu: Ninavyoipiga Hapa Lamu

Mwenye duka jipya la vitabu akiniita nimpigie picha ya tangazo, huwa anataka vitu vitatu kwa pamoja: rafu zilizojaa, taa za kuning'inia zenye mwanga wa manjano, na wateja wanaochagua vitabu. Rafu na wateja hupangika. Kazi yenyewe iko kwenye mwanga, na mwanga huo unategemea sana saa utakayochagua.

Nianze na balbu, maana hapo ndipo picha nyingi huharibika kabla simu haijatolewa mfukoni. Tazama kasha la balbu. Iliyoandikwa 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano, na ya 6500K hutoa mweupe unaoelekea buluu. Maduka mengi ya mjini yana zile taa ndefu nyeupe juu ya dari. Ukiwasha hizo pamoja na za kuning'inia, nusu ya kitabu itatoka ya manjano na nusu ya pili itakuwa na rangi ya mtu mgonjwa, na hakuna programu ya kurekebisha picha itakayozipatanisha vizuri. Zima nyeupe zote. Na taa za kuning'inia ziwe na balbu za aina moja. Moja tu ikiwa tofauti, jicho la mtazamaji litaenda palepale.

Sasa saa. Wapiga picha wengi hupenda zile dakika chache baada ya jua kuzama, nje kukiwa na buluu na ndani taa zinang'aa. Hapa kwetu, karibu na ikweta, dakika hizo hazifiki hata nusu saa, na zinaangukia magharibi. Adhana imetolewa, watu wanakwenda msikitini, na si adabu kumshika mtu akusimamie mbele ya rafu wakati huo. Bahati nzuri mji wenyewe unatusaidia. Ndani ya mitaa ya Lamu, nyumba za mawe zimeinuka pande zote mbili na njia ni nyembamba, kwa hiyo jua huondoka njiani mapema. Kuanzia kama saa kumi na moja jioni, mwanga unaoingia mlangoni ni wa kivuli, laini, na una ubuluu wake. Mwanga huo ukikaa pamoja na manjano ya balbu, duka linaonekana limechangamka.

Malindi ni tofauti. Bahari iko mashariki, barabara ni pana zaidi, na duka linalotazama magharibi hupigwa na jua la jioni hadi kwenye rafu za nyuma. Huko ningepiga asubuhi.

Nieleze kazi moja niliyofanya karibuni, kwenye kichochoro kinachotokea Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji. Duka lilikuwa kwenye nyumba ya zamani yenye dari ya boriti za mikoko. Vyumba vya nyumba hizi huwa virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita tatu, kwa sababu boriti yenyewe haina urefu wa kuvuka zaidi ya hapo. Kwa chumba kama hicho mtu hushawishika kubonyeza 0.5x ili kila kitu kiingie. Usifanye hivyo. Lenzi hiyo huvuta pembeni, na rafu za kando huonekana kama zinaanguka. Nilisimama mwisho kabisa wa chumba, mgongo ukigusa ukuta, nikatumia 1x, simu ikiwa usawa wa kifua na imesimama wima bila kuinamishwa. Ukiinamisha simu juu au chini hata kidogo, mistari ya rafu haisimami tena.

Rafu zilikuwa hazijajaa. Shehena ya pili ya vitabu haikuwa imefika. Tulivuta vitabu vyote mbele hadi migongo yake ikawa sawasawa na ukingo wa ubao, maana kitabu kilichosukumwa ndani huacha kivuli cheusi kinachosomeka kama pengo. Palipobaki wazi tuligeuza vitabu vitazame mbele, jalada zima lionekane. Ila jalada linalong'aa lisikae moja kwa moja chini ya taa: litarudisha mwanga na litakuwa doa jeupe. Sogeza kando kidogo, au liinamishe mbele kwa kuweka kipande cha karatasi nyuma yake.

Kwenye simu niliingia hali ya kujipangia mwenyewe. Nikaweka WB, ile namba inayoamua rangi ya mwanga, kama 3800, kwa sababu simu ikiachiwa ichague, huona manjano ni kosa na kuyafuta, na ukuta wa chokaa unatoka kijivu. Kasi ya shata niliweka 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na baadhi ya balbu za LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila sisi kuona. Kasi ya juu zaidi inaweza kuleta mistari myeusi inayokata picha. Ukiiona mistari hiyo kwenye kioo, rudi 1/50 au 1/100. Simu isiyo na hali hiyo, bonyeza balbu kwenye kioo cha simu kwa kidole hadi mwanga ufungike, kisha ushushe kidogo. Kipimo changu ni hiki: nikikuza picha, nione umbo la balbu na si mpira mweupe, na kupitia mlangoni nione ukuta wa jirani. Nilipiga kila baada ya dakika chache hadi hayo mawili yakakubaliana. Siku ile ilikuwa yapata saa kumi na mbili kasorobo.

Wateja wale walikuwa jamaa na majirani wa mwenye duka. Binti mmoja alivaa buibui, naye akisimama mbele ya rafu ya mbao nyeusi alipotea kabisa, akabaki uso na mikono tu. Nikamwomba, "Dada, tafadhali sogea pale kwenye vidaka," na mbele ya ukuta ule mweupe wenye vishubaka umbo lake likaonekana vizuri. Mzee mwenye kanzu nyeupe alikuwa na shida ya kinyume: chini ya taa bega lake liliungua pichani, likawa doa jeupe. Hatua mbili mbali na taa zilitosha. Kisha nikawaambia wachague kitabu wanachokitaka kweli na wakisome. Mtu anayesoma hutulia, na 1/50 inataka mtu aliyetulia.

Shangazi wa mwenye duka aliniuliza mapema, "Mwanangu, uso wangu utaenda kwenye simu za watu?" Hilo ni swali la haki. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na tangazo la duka ni biashara. Omba ruhusa kabla ya kupiga, na kwa mtoto ruhusa itoke kwa mzazi. Yeye nilimpiga kwa nyuma, mkono ukiwa kwenye mgongo wa kitabu, na ndiyo picha iliyochaguliwa.

Piga moja ya kulala na moja ya kusimama, maana ya stetasi ya WhatsApp inataka kusimama. Kwa zote mbili acha nafasi juu, kwenye boriti, ya kuandika jina la duka na tarehe. Na unapomtumia mwenye duka, itume kama hati, si kama picha. WhatsApp huibana picha, na majina kwenye migongo ya vitabu hayasomeki tena.